Pikipiki na Meli Zikikata Kona: Maswali Kuhusu Jozi ya Kani ya Jairoskopu

Hapa ninajibu maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu kile ambacho gurudumu linalozunguka, au rota, yaani sehemu ya mtambo inayozunguka, hufanya pale chombo kinapogeuka. Nimeanza na pikipiki kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayoipanda, meli inafuata baadaye. Hesabu zote ni za kuzidisha na kugawanya, ukiacha tanjenti moja tu.

Jozi ya kani ya jairoskopu ni nini hasa?

Jairoskopu ni gurudumu au rota inayozunguka kwa kasi kwenye mhimili wake. Kila kitu kinachozunguka kina momenta ya mzunguko. Ukubwa wake unatokana na mambo mawili: inesha ya mzunguko (I), yaani jinsi kitu hicho kilivyo kigumu kukianzisha au kukisimamisha kisizunguke, na kasi yake ya kuzunguka (ω), inayopimwa kwa radiani kwa sekunde.

L = I × ω

Momenta hii ina mwelekeo pia, na hapo ndipo wengi hupotea. Mwelekeo wake haufuati njia tairi linakokwenda, unafuata ekseli. Kunja vidole vya mkono wa kulia vifuate mzunguko wa gurudumu, kisha nyoosha dole gumba: linakoonyesha ndiko L inakoelekea. Kwa gurudumu la pikipiki inayokwenda mbele, L inaelekea kushoto kwa dereva.

Pikipiki ikikata kona, ekseli inageuka pamoja nayo, kwa hiyo L inabadili mwelekeo hata kama spidi ni ileile. Na momenta ya mzunguko haibadiliki bila jozi ya kani, yaani kani mbili zilizo sawa zinazosukuma kwa pande kinyume, zikiwa zimeachana. Ukubwa wa jozi hiyo ni:

C = I × ω × Ω

Ω ni kasi ambayo chombo chenyewe kinageuka. Fremu ndiyo inayoipa ekseli jozi hii, na ekseli nayo inairudishia fremu jozi nyingine iliyo sawa lakini ya upande wa pili. Hiyo ya kurudishiwa ndiyo inayohisiwa na dereva, na ndiyo tutakayoifuatilia hadi mwisho: inaelekea wapi, na inamwangukia nani.

Naweza kuihisi bila kwenda maabara?

Unaweza, ukiwa na gurudumu la mbele la baiskeli. Lifungue, shika ekseli kwa mikono miwili mbele ya kifua, mkono mmoja kila upande, gurudumu likiwa wima. Mwombe mwenzako alizungushe kwa nguvu kwa namna linavyozunguka baiskeli ikienda mbele, yaani sehemu ya juu ikikimbia kutoka kwako. Kisha geuza ekseli kama unayekata kona kushoto: mkono wa kulia unasukuma mbele, wa kushoto unavuta nyuma.

Ulitegemea gurudumu ligeuke kushoto basi. Badala yake mkono wa kulia unahisi kukandamizwa chini na wa kushoto unahisi kuinuliwa. Gurudumu linataka kulalia kulia, nje ya kona. Geuza polepole, msukumo ni mdogo. Geuza kwa ghafla, unakaribia kukuponyoka. Hiyo ni Ω kwenye fomula. Ukisubiri gurudumu lipungue mzunguko halafu ukarudia, utakuta msukumo umelegea, na hiyo ni ω. Usisahau kuweka vidole mbali na spoku.

Kwa hiyo pikipiki ikikata kona, jozi hii inailaza au inaiinua?

Inaisukuma nje ya kona. Ukikata kushoto, inasukuma kulia, uleule upande ambao mwili wako wote unahisi kutupwa. Maana yake ni kwamba haimsaidii dereva kulala kwenye kona, bali inamlazimu alale zaidi kidogo ili uzito uweze kusawazisha misukumo miwili badala ya mmoja. Hili huwashangaza watu waliozoea kusikia kwamba magurudumu yanayozunguka ndiyo yanayoishikilia pikipiki kwenye kona.

Kidogo kiasi gani? Tupige hesabu.

Tuchukue pikipiki ya cc 150 yenye dereva na abiria mmoja, jumla kilo 250. Kitovu cha uzito wao wote kiko mita 0.6 juu ya barabara. Magurudumu yana nusu kipenyo cha mita 0.3. Kwa kila gurudumu, tuseme rimu na tairi ni kama kilo 5 zilizokaa umbali wa mita 0.28 kutoka kwenye ekseli, hivyo I ni 5 × 0.28 × 0.28, yaani karibu 0.4. Dereva anaingia kona yenye nusu kipenyo cha mita 20 akiwa na spidi ya kilomita 36 kwa saa, ambayo ni mita 10 kwa sekunde.

Gurudumu linazunguka kwa ω = 10 ÷ 0.3, yaani radiani 33.3 kwa sekunde. Momenta ya gurudumu moja ni 0.4 × 33.3 = 13.3, na ya yote mawili ni 26.7. Pikipiki yenyewe inageuka kwa Ω = 10 ÷ 20, yaani radiani 0.5 kwa sekunde. Kwa hiyo:

C = 26.7 × 0.5 ≈ 13.3 nyutoni mita

Sasa linganisha na msukumo wa kawaida wa kutupwa nje ya kona. Kani yake ni 250 × 10 × 10 ÷ 20, yaani nyutoni 1,250. Ikitenda mita 0.6 juu ya barabara inatoa nyutoni mita 750. Ukiweka 13.3 kando ya 750 unapata asilimia 1.8 tu. (Pikipiki ikilala, namba zote mbili hupungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo uwiano haubadiliki.)

Bila jairoskopu, mlalo unaohitajika una tanjenti ya 10 × 10 ÷ (9.81 × 20) = 0.51, ambao ni nyuzi 27.0. Ukiongeza ile asilimia 1.8 unafika nyuzi 27.4. Tofauti ni chini ya nusu nyuzi. Hakuna dereva anayeweza kuihisi, hata awe mzoefu kiasi gani.

Lakini hapo ni kilomita 36 tu. Kwenye lami nikiwa 100 itakuwa kubwa, si ndiyo?

Namba yenyewe itakua, lakini uwiano hautabadilika hata kidogo, na hiki ndicho kipande cha hesabu ninachokipenda kuliko vyote. Jozi ya jairoskopu inakua kwa mraba wa spidi, kwa sababu ω na Ω zote mbili zinapanda pamoja na spidi. Msukumo wa nje ya kona nao unakua kwa mraba wa spidi. Ukigawanya moja kwa nyingine, spidi inafutika, na nusu kipenyo cha kona nacho kinafutika. Kinachobaki ni:

I ya magurudumu yote ÷ (uzito × kimo cha kitovu × nusu kipenyo cha gurudumu)

Kwa pikipiki yetu ni 0.8 ÷ (250 × 0.6 × 0.3) = 0.018. Uwiano huo uko kwenye umbo la pikipiki yenyewe. Ukitaka kuubadilisha, badilisha tairi au punguza mzigo, usiguse mafuta. Abiria akishuka uwiano unapanda kidogo kwa kuwa uzito umepungua, na bado unabaki asilimia mbili na ushei.

Basi jairoskopu haina kazi kwenye pikipiki?

Inayo, ila wengi wanaitafuta mahali pasipo pake. Haionekani sana pikipiki ikiwa imeshatulia ndani ya kona. Inaonekana wakati wa kuingia kona na kutoka, na inayoihisi ni mikono.

Fikiria pikipiki inalala kushoto. Sasa ekseli ya mbele inageuka kwa njia nyingine: upande wake wa kushoto unashuka. L inabadili mwelekeo kwenda chini, na jozi inayorudishwa inalizungusha gurudumu la mbele kuelekea kushoto. Hii unaweza kuiona mwenyewe ukiviringisha rimu tupu uwanjani kama watoto wafanyavyo. Likianza kuinama upande mmoja haliangukii papo hapo, linakata kona kuelekea upande huo.

Ukubwa wake? Pikipiki yetu ikitoka wima hadi nyuzi 27 kwa sekunde moja, inalala kwa kasi ya radiani 0.47 kwa sekunde. Momenta ya gurudumu la mbele ni 13.3, kwa hiyo jozi kwenye usukani ni 13.3 × 0.47, karibu nyutoni mita 6.3. Vishikio vikiwa vimeachana mita 0.7, hiyo ni nyutoni 9 kwa kila mkono, kama uzito wa kilo moja hivi. Kwa kilomita 108 kwa saa, momenta ni mara tatu, na kila mkono unapata nyutoni 27 ukilaza pikipiki kwa haraka ileile. Hapa spidi haifutiki, kwa sababu kasi ya kulala anaichagua dereva.

Ndiyo maana usukani wa pikipiki unakuwa mzito barabara kuu. Dereva anayetaka kulala kushoto husukuma mbele kishikio cha kushoto, mara nyingi bila kujijua, na inambidi aendelee kukisukuma wakati pikipiki inalala kwa sababu gurudumu linamsukuma arudi. Ukifunga tairi nzito zaidi, I inapanda na usukani unazidi kuwa mzito wakati wa kulaza pikipiki haraka. Lakini uzito huo unapaswa kuwa laini na sawa pande zote. Ukihisi usukani unakwama mahali pamoja, hasa ukinyoosha, hiyo si jairoskopu. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kwa kidole, na ukiona unanasa katikati, angalia beringi za shingo ya usukani.

Kusukuma kishikio cha kushoto ili uende kushoto, si kinyume?

Inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo. Ukisukuma kishikio cha kushoto mbele, gurudumu linaelekea kulia kwa kitambo kidogo. Mguso wa tairi na barabara unahama kwenda kulia huku uzito ukibaki nyuma, basi pikipiki inaangukia kushoto. Jairoskopu inachangia: gurudumu likigeuzwa kulia linataka kulalia kushoto, kama ulivyohisi kwenye gurudumu la baiskeli, ila kwa upande wa pili. Lakini kwa kawaida kazi kubwa zaidi inafanywa na tairi kuhama chini ya uzito. Jairoskopu huwahi mwanzoni kabisa, tairi humalizia.

Je, ndiyo inayoizuia baiskeli au pikipiki isianguke ikienda yenyewe?

Ni mojawapo ya sababu, si sababu yenyewe. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alichapisha majaribio ya baiskeli aliyoiongezea gurudumu la pili kando ya lile la mbele, lisilogusa barabara na linalozungushwa kinyume, ili momenta zifutane. Bado aliweza kuiendesha. Mwaka 2011 kundi la watafiti, wengine wakiwa wa chuo kikuu cha Delft cha Uholanzi, lilionyesha kibaiskeli ambacho hakina athari ya jairoskopu wala kile kigezo cha mguso wa tairi kuwa nyuma ya mstari wa usukani, na bado kikisukumwa kinajisimamia chenyewe. Kinachohitajika ni usukani ugeuke kuelekea upande chombo kinakoangukia. Jairoskopu ni njia mojawapo ya kufanikisha hilo, mgawanyo wa uzito ni njia nyingine.

Jairoskopu inaweza kunizuia nisiteleze kwenye mchanga?

Haiwezi. Kona ile ya mita 20 kwa kilomita 36 inahitaji msuguano wa 0.51 kati ya tairi na barabara, iwe gurudumu ni zito au jepesi. Kama barabara ina vumbi au matope na msuguano umeshuka hadi 0.35, spidi ya juu kabisa ni kilomita 30 hivi kwa saa. Ukizidisha, tairi linaachia na pikipiki inateleza huku momenta ya gurudumu ikiwa kamili. Jozi ya kani inazungusha tu, haina nguvu ya kuburuta chombo kizima kuelekea ndani ya kona.

Na bajaji?

Upande ni uleule, nje ya kona, na ni kiasi kidogo vilevile. Tofauti ni kwamba bajaji hailali, kwa hiyo asilimia hizo chache zinaongezeka moja kwa moja kwenye mzigo wa gurudumu la nje. Bajaji ikipinduka, tafuta sababu kwenye spidi na mzigo uliopangwa juu.

Kwenye meli jambo linabadilika vipi?

Kinachobadilika ni mhimili. Ekseli ya pikipiki imelala kushoto kwenda kulia, lakini rota ya turbaini ya meli kwa kawaida imelala kwa urefu, kutoka tezi, yaani nyuma, kwenda omo, yaani mbele. Kwa hiyo L inaelekea mbele au nyuma, na meli ikigeuka, jozi haiilazi ubavuni. Inataka kuinua omo au kuizamisha.

Tuseme ukisimama tezi ukitazama mbele, rota inazunguka kama mishale ya saa. L inaelekea omo. Meli ikigeuka kushoto, jozi inayorudi kwenye meli inainua omo na kushusha tezi. Ikigeuka kulia, omo inashuka. Rota ikizunguka upande wa pili, geuza majibu yote mawili.

Omo inainuka kweli? Abiria ataona?

Haoni chochote, na vitabu vingi vya mitambo vinaishia kwenye "omo inainuka" bila kusema hilo. Chukua rota ya tani 5 yenye nusu kipenyo cha inesha cha mita 0.5, yaani ni kana kwamba uzito wake wote umekaa umbali huo kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo I = 1,250. Inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani radiani 314 kwa sekunde. L ni karibu 393,000. Meli inageuka duara zima kwa dakika 6, yaani Ω ya radiani 0.0175 kwa sekunde. Jozi ni karibu nyutoni mita 6,900.

Namba inatisha mpaka uiweke kwenye meli. Meli ya tani 5,000 yenye urefu wa mita 100 inahitaji kama nyutoni mita bilioni 4.9 kwa kila radiani ili kuinamishwa mbele au nyuma. Gawanya, halafu zidisha kwa mita 50 kutoka katikati hadi omo: omo inainuka kama milimita 0.07, unene wa unywele.

Wanaoubeba mzigo huo ni beringi. Zikiwa zimeachana mita 2.5, kila moja inapata nyutoni 2,700 hivi juu ya 24,500 za nusu ya uzito wa rota, moja ikikandamizwa na nyingine ikipunguziwa. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 11, na mhandisi huihesabu kabla beringi haijachaguliwa.

Kwa hiyo kugeuka ndiko kunakoziumiza beringi zaidi?

Hapana, mawimbi ndiyo mabaya zaidi. Meli ikiinuka na kuinama omo kwa nyuzi 5 kila upande, mzunguko mmoja ukichukua sekunde 8, kasi yake ya juu ni radiani 0.0685 kwa sekunde, karibu mara nne ya kasi ya kugeuka. Jozi inafika nyutoni mita 26,900, na kila beringi inapata karibu nyutoni 10,800. Zaidi ya hapo, msukumo huu ni wa ubavuni: omo ikipanda, meli inasukumwa igeuke kulia, omo ikishuka, kushoto. Beringi inapigwa huku na huku kila sekunde nne, usiku kucha kama bahari haijatulia. Fundi wa chumba cha mashine husoma mambo mawili, joto la mafuta yanayotoka kwenye beringi na mtikisiko wa rota. Vikipanda bahari ikichafuka na kushuka ikitulia, anajua mzigo unatoka wapi. Vikipanda tu bila kushuka, kuna jambo jingine.

Meli ikiyumba kushoto na kulia, hakuna jozi kabisa, kwa sababu mhimili wa rota unabaki ukielekea palepale.

Nikiwa kwenye boti ya kwenda Unguja, ikigeuka naiona inalala. Ile ni nini basi?

Ile ni kutupwa nje ya kona. Kitovu cha uzito kiko juu kuliko mahali maji yanapousukuma ubavu wa chombo, kwa hiyo chombo chenye umbo la kawaida la meli kinalalia nje. Tena boti hizo zinaendeshwa kwa dizeli. Hata meli nyingi kubwa za mizigo leo zina dizeli za mwendo wa taratibu, shafti ikizunguka kama mara 100 kwa dakika badala ya maelfu, hivyo shafti hiyo ina momenta ndogo sana ukiilinganisha na rota ya turbaini yenye inesha kama yake.

Kuna aliyewahi kuitumia jozi hii kwa makusudi kwenye meli?

Wapo. Meli ya abiria ya Italia, Conte di Savoia, iliyoanza safari mwaka 1932, ilifungwa jairoskopu tatu kubwa, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 100, ili kupunguza kuyumba. Hapo mhimili haukulala kwa urefu wa meli, ulisimama wima. Mota ziliinamisha mhimili huo mbele na nyuma kwa wakati uliopangwa, na jozi iliyotokea ikapinga myumbo wa ubavuni. Fomula ni ileile, ila Ω haikutoka kwenye kona wala wimbi, ilitengenezwa na mota. Gharama yake ni hizo tani zaidi ya 300 za chuma zinazobebwa safari nzima, bahari ikiwa shwari au imechafuka. Baadaye meli kubwa za abiria zilihamia kwenye mapezi yanayojitokeza chini ya maji ubavuni, ambayo ni mepesi zaidi, ingawa hayafanyi kazi vizuri chombo kikisimama. Ndiyo maana boti ndogo za starehe, ambazo hukaa sana nangani, bado hufungwa jairoskopu.